Ujumbe Huwa Mwisho

Jina la Mama Salamu hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wasikilizaji, akalivaa miaka ishirini na sita, mpaka mhasibu wa redio akawa analisahau lile la kwenye kitambulisho. Kila Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa akiingia hewani na kusoma kadi za salamu. Wakati huo, jamani, kadi zilikuwa zinakuja kwa gunia! Mtu ananunua kadi, anajaza, anaweka posta, halafu anakaa wiki mbili akingoja kusikia jina lake. Na akilisikia, mtaa mzima utajua.

Kadi ilikuwa na mpangilio wake. Kwanza mwenye kadi anajitaja na kusema yuko wapi na ana hali gani. Kisha anawasalimu watu wake, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Chini kabisa, pale nafasi inapoisha na herufi zinaanza kubanana, ndipo anapoweka ujumbe. Ujumbe huwa mwisho. Hapo ndipo mtu anapomwambia mkewe asichoweza kumwambia mezani, au anapomkumbusha mtu jambo lake. Kuna mmoja aliyewasalimu ndugu kumi kwa heshima zote, halafu akamalizia: "Ujumbe: aliyeazima jembe langu alirudishe, namjua, na hivi sasa anasikiliza."

Hiyo ya jembe Mama Salamu aliisoma hewani bila kuipitia, mwaka wake wa kwanza kazini. Watu wawili walipigana, na mmoja alikuwa wala hahusiki na jembe. Bwana aliyemfundisha kazi alimwita, akamkalisha, akamwambia, "Binti, kadi isome mpaka mwisho kabla hujafungua mdomo. Salamu ni ganda tu." Tangu siku ile hakufungua kipaza sauti bila kuwa ameimaliza kadi nzima, mbele na nyuma, hata zile zilizoandikwa pembeni kwa kuzunguka. Ijumaa nzima alikuwa akisoma. Akimaliza anazipanga kwenye maboksi ya viatu, za furaha huku, za msiba kule, na za wakorofi kwenye boksi la peke yake.

Na kila kadi aliimalizia kwa maneno yaleyale, mpaka watoto mitaani wakawa wanamwigiza: "Yote uliyosema, na iwe hivyo!"

Basi, dunia haikai ilivyo. Posta zikapungua, kadi zikapungua, mdhamini akajiondoa, kipindi kikafungwa. Hakuna aliyemfukuza Mama Salamu. Walimhamisha tu, wakampa meza ya kona karibu na dirisha, kompyuta na kiti kinacholia, wakamwambia kazi yake sasa ni kuwajibu watu wanaotoa maoni kwenye ukurasa wa redio mtandaoni. "Si ni salamu zilezile, mama?" alisema Mkuu wa Vipindi, msichana wa umri wa mwanawe wa mwisho. "Zimebadilisha nguo tu."

Mama Salamu alisema moyoni, nguo gani hizi zisizo na mifuko.

Maana kompyuta ile haikuwa inampa maoni mazima. Ilimpangia orodha. Kila mtu na picha yake ndogo, jina lake, na mistari miwili ya alichoandika. Mstari wa pili ukijaa, maneno yanakatwa hapohapo yalipofika, hata kama ni katikati ya jina la mtu. Zinafuata nukta tatu, na mbele yake maneno ya buluu: Soma zaidi. Ukiyabonyeza, yaliyobaki yanafunguka. Usipoyabonyeza, basi. Na chini ya mistari ile miwili kuna kisanduku cha kujibia, kimekaa wazi kabisa, kinakusubiri kama vile umeshasoma kila kitu.

Mwanzoni alibonyeza kila moja. Wallahi, kila moja. Lakini kulikuwa na kipimo: mtu ajibiwe ndani ya dakika kumi, na kila Ijumaa Mkuu wa Vipindi alikuwa anakuja na karatasi ya asilimia. Asilimia za Mama Salamu zilikuwa za kutia aibu. Halafu akagundua kwamba tisa kati ya kumi, yaliyofichwa ni maua na mioyo. Kidole kikaanza kuzoea. Kwanza akaruka zile za maua. Baadaye akaruka za watu anaowajua. Mtu haharibikiwi siku moja, anaharibikiwa kidogo kidogo huku akijiona yuko sawa.

Jumanne moja redio iliweka picha ya studio ya zamani, yenye mashine za kanda na ile taa nyekundu ya mlangoni, na swali juu yake: Redio yetu inatimiza miaka arobaini, unakumbuka kipindi gani? Lo! Watu walimwagika. Kabla ya saa sita maoni yalikuwa mia tatu, na mengi yalikuwa yanataja kadi za salamu. Mama Salamu alikuwa anajibu huku anafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Majina yale! Aliyekuwa akijiita Mtoto wa Tano sasa ana wajukuu. Wasichana wa bweni waliokuwa wakimsalimu mpishi wao ili awaongezee chakula, sasa mmoja ni hakimu.

Katikati ya mvua ile akaona jina lililomfanya aketi wima. Fundi Saa wa darajani.

Huyu bwana alikuwa mteja wake wa kila wiki tangu mwaka wa tatu wa kipindi. Alitengeneza saa za mkono na za ukutani, na mwandiko wake ulikuwa kama kazi yake, mdogo, umepangika, wino wa zambarau. Kadi yake moja ilibeba maneno ya kadi tatu. Hawakuwahi kuonana, lakini Mama Salamu alijua watoto wake wamezaliwa lini, alijua jirani yake anafuga mbuzi mkorofi, na alijua kwamba ujumbe wa mwisho siku zote ni wa mkewe. "Ujumbe: Mama Watoto, ile chai ya jana sikusema kitu lakini niliiona." Hayo ndiyo mapenzi aliyoyatangaza fundi huyu kwa nchi nzima, mtu ambaye dukani kwake, inasemekana, alikuwa anaongea na saa tu.

Kwenye orodha ilionekana hivi: "Mimi Fundi Saa wa darajani, nikiwa mzima wa afya, wa kwanza kumsalimu ni Mama Salamu mwenyewe, wa pili mke wangu Mama Watoto popote alipo, wa tatu jirani yangu mwenye mbuzi, wa nne… Soma zaidi."

Ameandika kadi! Mzee wa watu amekaa na simu akaandika kadi nzima kama zamani. Mama Salamu alicheka peke yake kwa furaha, akajiambia hii ataifungua baadaye, akitulia na kikombe chake, aifaidi. Chini ya kisanduku namba za wanaongoja zilikuwa zinapanda. Vidole vikaandika vyenyewe: "Fundi Saa wangu! Salamu zimepokelewa zote. Yote uliyosema, na iwe hivyo!" Akatuma, akaenda kwa mwingine. Hiyo baadaye haikufika. Jioni alirudi nyumbani kichwa kinamuuma.

Jumatano asubuhi alikuta jibu lake limependwa na watu mia nne. Mia nne! Mkuu wa Vipindi alikuja mpaka kwenye meza ya kona, anatabasamu. "Mama, leo umetutoa kimasomaso. Watu wanasema redio yetu ina utu." Mama Salamu alishukuru bila kuelewa. Utu gani, kwa kupokea salamu?

Kisha akaona Fundi Saa amemjibu. "Mungu akubariki sana dada yangu. Nimewaambia watoto wote watano, Jumapili watakuwa hapa nyumbani, na wajukuu ambao hawajawahi kum… Soma zaidi."

Hawajawahi kum. Kumfanya nini? Nani? Safari hii alibonyeza. "…kumsikia bibi yao. Nimeshasafisha mashine ya kanda, inazunguka vizuri. Usihangaike kuituma, Ijumaa nitakuja mwenyewe kuichukua."

Akapanda juu, kwenye maoni ya jana, akakiweka kidole pale kwenye maneno ya buluu na kukaa kidogo kabla ya kubonyeza, kama mtu anayeogopa kufunua kitanda cha mgonjwa. Kadi ikafunguka.

"…wa nne wanangu watano. Ujumbe: Mama Watoto alitutoka mwezi wa tatu. Hatuna sauti yake hata ya dakika moja, maana hakupenda simu. Lakini siku ya miaka kumi ya kipindi ulimkaribisha studio akaongea. Kama kanda ile ipo, naomba nakala. Kama haipo niambie haipo, mimi ni mtu mzima nitaelewa. Nisichoweza ni kungoja."

Na chini yake jibu la Mama Salamu, kwa mkono wake mwenyewe: na iwe hivyo!

Alikuwa anaikumbuka siku ile. Kipindi kilipotimiza miaka kumi waliwaalika wasikilizaji watano waje wasome kadi zao wenyewe. Fundi Saa alialikwa, akajibu kwamba maneno yake yako mkononi, mdomoni hayapo, akamtuma mkewe. Akaja mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa, akaongea dakika nne, akaondoka. Ilirekodiwa, ndiyo. Lakini Mama Salamu alijua pia jambo ambalo fundi hakulijua: kanda zilikuwa adimu, na mara nyingi zilifutwa zikarekodiwa upya.

Alichukua ufunguo wa stoo. Alikuwa hajaingia humo miaka mingi, na kwa siku nyingine angekaa akinusa tu. Kanda za zamani zina harufu yake, ya siki kidogo na vumbi lenye joto, na harufu ile ilikuwa ni ujana wake mtupu. Zilikuwa kwenye rafu, boksi kwa boksi, kila moja na namba. Akapanda ngazi fupi, akapekua mpaka mikono ikawa myeusi. Kisha akafungua daftari la kanda, kubwa, lenye jalada gumu, akafuata mistari kwa kidole mpaka akaupata. "Miaka kumi ya Kadi za Salamu. Wasikilizaji studio." Mbele yake, kwa kalamu nyingine: "Imefutwa. Imerudiwa, nyimbo za shule." Na sahihi.

Sahihi ilikuwa yake.

Alikaa kwenye ngazi ile akalia. Hakulia kwa sababu ya kufuta, maana enzi hizo kila mtu alifuta, kanda mpya zilikuwa zinakuja kwa msimu. Alilia kwa sababu mzee wa watu alikuwa amemrahisishia kazi. Alimwambia, niambie tu haipo. Mstari mmoja! Na yeye, aliyefunzwa na jembe, akanunua mbuzi kwenye gunia.

Mkuu wa Vipindi alipoelezwa alishika kichwa, kisha akatafuta njia kama wakubwa wanavyotafuta njia. "Mama, jibu linaweza kuhaririwa. Ingia, badilisha, andika 'tutajitahidi kuitafuta.' Halafu baada ya mwezi…"

"Baada ya mwezi nini, mwanangu?"

"Watu husahau."

"Kwenye kioo nitahariri," alisema Mama Salamu. "Na kifuani kwake nitahariri kwa kubonyeza wapi? Ameshasoma. Ameshawaita watoto. Kaandika mwenyewe hawezi kungoja, nami nimngojeshe makusudi?" Akachukua mkoba. "Nitatoka kesho mchana. Asilimia zangu mnaweza kuzikata."

Alhamisi alishuka darajani bila kuuliza njia. Kadi zilikuwa zimeshamwelekeza miaka yote: ukivuka, mkono wa kulia, kati ya duka la vioo na mshona viatu. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Alipofika mlangoni yote yakamtoka.

Kilikuwa ni chumba chembamba, saa ukutani kutoka chini hadi juu, kila moja na muda wake. Mzee ameinama juu ya meza, lenzi imebanwa jichoni. Nyuma, mwanamke wa makamo alikuwa anapangusa viti vya kuazima, vimebebanishwa mpaka darini.

"Hodi humu ndani."

Mzee hakuinua kichwa. Mkono wake tu ulisimama. "Hiyo sauti!" alisema. "Binti, acha hivyo viti. Hiyo sauti!"

Akatoa lenzi. Alikuwa na macho madogo yenye furaha, na ilikuwa ni adhabu kuyatazama. Mama Salamu alimwamkia, akaitikiwa. Binti mkubwa akamwamkia yeye, akamletea kiti. Kwenye kona ya meza, juu ya kitambaa safi, ilikaa mashine ya kanda, kifuniko wazi, inang'aa.

"Dada, si nilisema nitakuja mwenyewe? Umejisumbua kuileta."

"Kaka, sikuleta kitu," alisema Mama Salamu, akasema yote hapohapo kabla moyo haujarudi nyuma. "Kanda haipo. Niliifuta mimi mwenyewe miaka ile, sahihi ni yangu. Na ulichoandika sikukisoma mpaka mwisho. Niliona salamu, nikajibu salamu. Ujumbe nimeusoma jana, nimeshachelewa. Nisamehe."

Saa zilikuwa zinagonga tu. Mzee alifunga kifuniko cha mashine taratibu, kwa vidole viwili.

"Niliandika, kama haipo useme haipo," alisema.

"Uliandika."

"Nimewaambia watoto."

Binti mkubwa ndiye aliyepandisha hasira. "Mama, mtu mzima unamjibu mwenzako hujasoma alichosema? Baba hajalala tangu juzi! Mdogo wangu kapanda gari la siku mbili!" Mama Salamu aliinua macho akamwambia, "Una haki, mwanangu," na kweli alimwona ana haki. Binti akatoka nje kwa hasira, akasimama barazani akiwapa mgongo.

Mama Salamu akajikaza, akanyanyuka aage. Mzee alikuwa anatazama mkono wake mwenyewe juu ya meza.

"Lakini wewe ulikuwa naye," alisema ghafla. "Chumba kimoja. Yale ya hewani niliyasikia, nilikuwa hapahapa na redio. Kabla hamjafungua, alisema nini?"

Mama Salamu akakaa tena. "Aliniambia jambo, akaniapisha nisimwambie mtu."

"Nani kabaki wa kuambiwa, kama si mimi?"

Hilo lilikuwa kweli. Mama Salamu akafumba macho, akairudisha ile studio, ule mkoba mkubwa mapajani, ile taa mlangoni ambayo ilikuwa haijawaka. Alipoanza kusema, sauti yake ilirudi ilivyokuwa, ile ya Jumamosi, ya polepole.

"Alisema hivi. 'Dada, usinicheke. Huyu bwana hatoki dukani, kadi zake anayepeleka posta ni mimi. Ananipa kaigeuza chini nisione, anadhani sina macho. Mwenzio nazisoma zote njiani. Nakaa nazo mkobani siku mbili, nazisoma tena, ndipo nazitumbukiza. Halafu Jumamosi tukiwa mezani, ukianza tu kusema Ujumbe, Mama Watoto, mimi nadondosha kijiko. Kila wiki nadondosha kijiko. Mwenyewe anafurahi huyo! Anadhani kanishtua.'"

Mabega ya Fundi Saa yakaanza kutikisika, na Mama Salamu kwa muda hakujua kama analia au anacheka, mpaka alipoona ni yote mawili. Alifuta uso kwa kile kitambaa cha mashine.

"Binti!" aliita kwa sauti iliyokatika. "Binti, njoo ndani! Njoo usikie mama yako alivyonifanya!"

Binti akarudi, amesimama mlangoni, uso umefura.

"Sema tena, dada," alisema mzee. "Anza pale pa kijiko." Kisha hakumngoja aanze, akamgeukia mwanawe, akamshika mkono. "Mimi ndiye niliyekuwa naokota," alisema. "Kila Jumamosi, naingia chini ya meza, namwokotea. Miaka yote ile, mimi ndiye niliyekuwa naokota."